Kumbusho la Kodi Lisilofanana na la Tapeli

Ndugu msikilizaji, kama una simu ya mkononi na unaishi katika mji wowote wa Tanzania, bila shaka umekwisha kupata ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wengine hupata ule mwingine: "Mimi mwenye nyumba wako, mbona kimya, kodi itume kwenye namba hii." Mwandishi wake hakujui wewe wala nyumba yako. Ameutuma kwa watu wengi kwa mkupuo, akitumaini kwamba miongoni mwao atakuwamo mmoja anayedaiwa kodi wiki hiyohiyo.

Leo nataka kuzungumzia upande wa pili wa jambo hili, yaani mwenye nyumba wa kweli. Naye anataka kumkumbusha mpangaji wake kwa maneno machache na ya heshima. Ubaya ni kwamba kumbusho analoliandika mara nyingi hufanana mno na lile la tapeli, na mpangaji mwangalifu huliacha bila kujibu. Siku zinapita, mwenye nyumba anaona amedharauliwa, na ugomvi unaanza.

Chukua ujumbe huu, ambao ni wa kawaida kabisa: "Habari yako, natumaini u mzima na familia haijambo, sisi huku tunamshukuru Mungu. Naomba usisahau ile hela ya nyumba mwisho wa mwezi, nina matatizo kidogo. Tuma kwenye namba hii." Adabu imo tele. Lakini ni hela kiasi gani? Ya miezi mingapi? Mwisho wa mwezi ni tarehe 28, siku ya mshahara, au tarehe 31? Na namba hii ni ya nani?

Angalieni hasa neno "ile." Katika Kiswahili, ukisema "ile hela" unamwambia mwenzako kwamba nyote wawili mnaijua, na yeye mwenyewe hujazia lililobaki. Tapeli anaishi kwa neno hilo. Hajui kama unadaiwa kodi, ada ya shule au mchango wa harusi, kwa hiyo anasema "ile" na kukuachia kazi ya kukumbuka. Mwenye nyumba halali anajua kila kitu, basi akitaje: jina la mpangaji, namba ya chumba, miezi inayolipiwa, kiasi kwa tarakimu. Mtu aliyeokota namba yako hana habari hizo. Tena kumtaja mtu kwa jina lake ndiyo heshima yenyewe, hivyo hapa adabu na usalama vinakwenda pamoja.

Sasa tufanye mfano. Mpangaji tumwite Juma, mwenye nyumba tumwite Mama Neema. Chumba ni namba 4, kodi ni shilingi 80,000 kwa mwezi, na wamekubaliana kulipana kwa miezi sita, kama ilivyo desturi ya wengi. Kipindi kipya kinaanza Septemba. Ujumbe wangu ungekuwa hivi:

"Habari Juma. Naomba kukukumbusha kodi ya chumba 4, Sept-Feb: sh 480,000 na ya kutolea. Mwisho 31/8. Lipa M-Pesa ya mkataba, inaishia 41. Asante. Mama Neema"

Ukihesabu herufi, tarakimu, alama na nafasi zote, unapata 155. Ujumbe mmoja wa simu una nafasi 160, basi huu unaingia wote ndani ya mmoja. Lakini mtu akiongeza mwishoni kile kikatuni cha uso unaocheka, mambo hubadilika. Kikatuni hicho hakimo katika orodha ya herufi za kawaida za simu, kwa hiyo ujumbe mzima huandikwa kwa namna nyingine, ambayo nafasi zake ni 70 tu. Ujumbe uleule utakatwa vipande vitatu na utatozwa kama ujumbe tatu. Kucheka kwenu mtacheka mkionana.

Maneno "na ya kutolea" yanaweza kuonekana madogo, lakini ndiyo yanayozuia manung'uniko. Juma akituma 480,000 kamili, Mama Neema akaenda kwa wakala kutoa fedha zile, atakatwa ada na mkononi atapata pungufu. Yeye atasema kodi haijatimia, Juma atasema amelipa yote, na kila mmoja ana haki kwa upande wake. Nani abebe ada hiyo ni jambo la kukubaliana wakati wa kusaini mkataba. Kumbusho linarudia tu makubaliano. Kama mwenye nyumba ndiye anayeibeba, basi aandike 480,000 na kuacha hapo.

Nimeandika "M-Pesa ya mkataba, inaishia 41," sikuandika namba nzima. Mtaniuliza, je, si ingekuwa rahisi kwa Juma kuiona namba yote palepale? Ingekuwa rahisi kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Mpangaji akizoea kulipa kwenye namba yoyote iliyoandikwa ndani ya ujumbe, siku tapeli akiandika ya kwake italipwa vilevile. Kumbusho linapaswa kumpeleka mpangaji kwenye namba aliyo nayo tayari, ama katika mkataba, ama katika malipo aliyofanya zamani. Tarakimu mbili za mwisho zinamtosha kuhakikisha. Anayelipwa kwa benki aandike jina la benki na tarakimu za mwisho za akaunti.

Na kama Mama Neema amebadili namba? Basi hilo lisiingie kabisa katika kumbusho. Ampigie Juma simu wasikilizane sauti, au aende akaandike namba mpya kwenye mkataba na wote wawili watie saini. Mpangaji naye, akipata ujumbe wa kubadili namba, hata uwe umetoka kwenye simu ya mwenye nyumba mwenyewe, apige kwanza aulize, maana simu huibwa. Kabla ya kuingiza namba ya siri, simu humwonyesha jina la anayepokea. Jina likiwa geni, asitishe palepale. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vipelekwe kwenye namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo.

Juu ya heshima sina mengi. "Naomba kukukumbusha" inatosha. Mpangaji akiwa mtu mzima kukuzidi, weka "Shikamoo" mahali pa "Habari." Acha "mbona," kwa sababu neno hilo linamshtaki mtu ambaye tarehe yake haijafika. Acha pia vitisho vya kufunga mlango na hadithi za matatizo yako. Juma analipa kwa sababu ya mkataba, si kwa sababu paa lako linavuja.

Kwa kodi ya miezi sita, mimi ningeutuma wiki mbili kabla, maana laki nne na themanini hazipatikani kwa usiku mmoja, kisha niurudie neno kwa neno siku mbili kabla ya tarehe. Nausisitiza huo urudio wa neno kwa neno. Ukibadili hata tarakimu moja, Juma atakuwa na ujumbe mbili zinazopingana na hatajua afuate upi. Utumwe asubuhi au mchana, kwani ujumbe wa fedha unaoingia saa tano za usiku hutia mashaka hata ukiwa wa kweli.

Fedha zikifika, Mama Neema ajibu siku hiyohiyo: "Nimepokea sh 480,000, chumba 4, Sept-Feb. Asante Juma." Juma asiufute, wala asifute ule wa M-Pesa wenye namba ya muamala, hadi Februari ipite.