Kabureta, Injekta na Petroli Iliyochakachuliwa

Kwenye vijiwe vya bodaboda kuna imani isiyokufa: pikipiki ya kabureta inakunywa chochote, ya injekta inadeka. Imani hiyo ni kweli kwa uchafu na maji. Kwa mafuta ya taa haina msingi, na mafuta ya taa ndiyo yanayochanganywa zaidi kwenye petroli ya Afrika Mashariki.

Sababu ni kodi. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa kuwa ni mafuta ya koroboi na jiko, na pengo hilo la bei likawavutia wachakachuaji. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, chini ya EWURA. Kenya nayo mwaka 2018 iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Hata hivyo, petroli ya kwenye chupa kando ya barabara haina wa kuipima.

Oktani ni kipimo cha uvumilivu: petroli inaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla ya kujiwakia yenyewe, bila kusubiri moto wa plagi ufike. Petroli ya kawaida hapa kwetu ina oktani ya 93 au 95. Mafuta ya taa yana takriban 20 tu. Chukua lita nne za petroli ya 93 uongeze lita moja ya mafuta ya taa. Kwa hesabu ya juu juu unabaki na oktani 78. Mtungi huo ukiingia kwenye injini inayobana hewa mara tisa au zaidi, dereva akapanda mlima na abiria wawili kwa gia kubwa, utasikia mlio mkavu wa ti-ti-ti kutoka kwenye silinda. Injini inagonga.

Je, kabureta itaokoa? Haiwezi. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa, basi. Injini kugonga kunatokana na mbano wa silinda na wakati plagi inapochoma, na hayo kabureta haiyagusi. Wengi hudhani kompyuta ya injekta italigundua tatizo, lakini pikipiki ndogo nyingi hazina sensa ya kusikia mgongano. Zilizo na sensa kwenye ekzosi hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Sensa hiyo inaweza hata kudanganyika: mafuta ya taa yasipoungua vizuri huacha oksijeni, kompyuta ikadhani mchanganyiko una petroli kidogo, ikaongeza.

Penye maji na uchafu ndipo kabureta inapostahili sifa zake. Chini yake kuna bakuli, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutuama humo. Pikipiki ikianza kukohoa na kuzima, fundi hufunga koki, hulegeza skrubu ya chini ya bakuli, hukinga kwenye glasi. Maji yanaonekana wazi yamejikusanya chini. Jeti kuu ina tundu la karibu milimita moja. Likiziba hupulizwa kwa upepo. Kulichokoa kwa waya, kama wafanyavyo mafundi wenye haraka, hulipanua, na kuanzia hapo pikipiki inakula mafuta bila sababu.

Injekta haina bakuli la kufungua. Pampu ya umeme imekaa ndani ya tangi, inasukuma petroli kwa mgandamizo wa takriban bari tatu kupitia chujio, hadi kwenye vitundu vyembamba sana vya injekta. Chujio likianza kuziba, pikipiki huunguruma vizuri ikiwa imesimama, kisha hukosa nguvu ukivuta mafuta barabarani. Washa swichi bila kupiga stata: pampu nzima huvuma kwa sekunde chache. Ikiwa kimya, anza na fyuzi na nyaya kabla ya kuinunua mpya. Tena, petroli ndiyo inayoipoza pampu hiyo, kwa hiyo kuendesha kila siku tangi likiwa karibu tupu kunaifupishia maisha.

Ndiyo maana Boxer na TVS za biashara zinazouzwa huku bado zina kabureta, ilhali India kwenyewe viwango vya moshi vya Aprili 2020 vilizihamishia pikipiki mpya karibu zote kwenye injekta. Anayenunua ya injekta kijijini ajue kwanza fundi wa kuipima kwa mashine yuko wapi.

Kwa petroli ya kutilia shaka, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka haraka bila alama. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Ikiwa imeshaingia, chomoa kijiti cha oili. Mafuta ya taa yasiyoungua huosha kuta za silinda na kushukia kwenye oili, kwa hiyo kina kikiwa kimepanda tangu kipimo cha mwisho, na oili ikanuka koroboi, imwage oili hiyo pamoja na petroli ya tangini kabla ya safari inayofuata, iwe kabureta au injekta.