Kuirudia TSC: Ombi la Pili Libebe Nini?

Tangu Rais William Ruto aahidi mwaka 2025 kwamba walimu wengine 24,000 wataajiriwa, hapa Ziwa watu hawatoki ibadani bila kuitaja TSC. Wanaonijia na maswali si wale waliohitimu juzi. Ni wale walioomba kazi, wakakosa, na sasa wanasita kumrudia mwajiri yule yule aliyewakataa. Makala zilizotangulia zilieleza usajili wa mwalimu na namna ya kulisoma tangazo la nafasi, kwa hiyo hayo tuyaache. Swali la leo ni moja: ukiomba tena, utaonyesha nini ambacho hakikuwapo mara ya kwanza?

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba siwezi kuzungumzia ajira ya mwalimu bila kupitia kwanza historia yake. Wanivumilie.

Kabla ya 1967 mwalimu wa Kenya hakuwa na mwajiri mmoja. Huyu alilipwa na misheni, yule na serikali za mitaa, na aliyehama kutoka kanisa hili kwenda lile alianza upya kama mgeni. Chama cha KNUT, kilichoanzishwa 1957, kilipigania jambo hili kwa miaka mingi: walimu wote wawe chini ya paa moja. Ndipo TSC ikazaliwa mwaka 1967. Kwa miongo mitatu iliyofuata, neno "kuomba kazi" halikuwa na uzito mkubwa kwa mwalimu. Ulimaliza chuo, ukangoja barua, ukapangiwa shule. Hakukuwa na ombi la pili kwa sababu karibu hapakuwa na aliyekataliwa.

Mambo yaligeuka baada ya mgomo wa Oktoba 1997. KNUT, chini ya katibu wake Ambrose Adongo, ililazimisha serikali kuahidi nyongeza ya mshahara ya kati ya asilimia 150 na 200, tena miezi michache tu kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi ukapita, hazina ikaguna, na mwaka 1998 serikali ikafunga mlango wa ajira ya moja kwa moja. Kuanzia 2001 walimu wakawa wanaajiriwa kwa kadiri ya nafasi zilizoachwa na waliostaafu, waliokufa au walioacha kazi. Idadi ya walimu ikawekewa ukomo wa takriban 235,000. Kisha Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, wanafunzi wakapanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2, na ukomo ule ukabaki pale pale! Vyuo navyo havikuacha kutoa walimu. Foleni ya leo ya walimu waliosajiliwa na wasio na kazi ilianzia hapo, nayo imepita laki tatu.

Nimeirefusha historia hii kwa sababu ndiyo inayoeleza kukataliwa kwako. Mwajiri mwenye watu laki tatu mlangoni hakupimi kama mwenye duka anayetafuta karani. Anapanga foleni. Mwongozo wa kuajiri hutolewa kila awamu pamoja na karatasi ya alama, na katika awamu nyingi za karibuni kitu kilichobeba alama nyingi ni miaka iliyopita tangu uhitimu. Ukikosa kwa alama chache, mara nyingi maana yake ni kwamba aliye mbele yako alihitimu kabla yako. Hakuna aliyesema hujui kufundisha. Hapa nina ugomvi na TSC, na sitauficha: foleni inayompa mtu alama kwa kungoja inamfundisha kijana kwamba kusubiri ni sifa. Lakini ugomvi wangu hauwezi kukuongezea alama hata moja.

Tuseme kuna mwalimu wa kata ya Ziwa aliyehitimu Desemba 2018, shahada ya ualimu, Kiswahili na Dini. Katika KCSE alipata wastani wa B-, Kiswahili B na Dini C+, kwa hiyo anavuka sharti la C+ kwenye wastani na kwenye masomo yote mawili ya kufundisha. Aliomba mwaka 2021 katika shule ya sekondari ya jirani, akashika nafasi ya tisa ilhali nafasi ilikuwa moja. Akirudi sasa, ni nini kimebadilika?

Kwanza, miaka. Wakati ule alikuwa na mitatu kasoro, sasa amepita sita, na huu ndio mruko mkubwa zaidi wa alama zake. Lakini miaka huhesabiwa kutokana na tarehe ya kuhitimu iliyo kwenye cheti, si siku aliyofanya mtihani wa mwisho. Mwenye kuweka barua ya muda ya chuo badala ya cheti hujiletea shaka kwenye mstari huo huo anaoutegemea.

Pili, uanagenzi. Tuseme mwaka 2022 alifundisha kama mwanagenzi wa TSC. Baadhi ya awamu zimewapa wanagenzi alama za ziada, nyingine zimebadilisha hesabu, kwa hiyo asitumie mwongozo wa mwaka uliopita. Cheti cha kumaliza uanagenzi kiwemo, tena chenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Barua ya bodi ya shule aliyofundishia kibarua iwemo pia, ila asiifikirie kuwa sawa na cheti hicho. Wanagenzi wa sekondari msingi, waliokuwa wakipewa shilingi 20,000 kwa mwezi, walipata utetezi Aprili 2024 wakati Mahakama ya Ajira na Leba iliposema kuwaajiri walimu waliosajiliwa kama wanagenzi ni kinyume cha Katiba. Ni habari njema, lakini haikumfuta mtu kwenye foleni.

Tatu, mahali anapoomba. Mwaka 2021 sekondari msingi haikuwapo. Gredi ya 7 ilianza Januari 2023. Mwenye Kiswahili na Dini aliyekuwa akigombea nafasi moja na umati sasa ana mlango wa pili. Asome mseto wa masomo uliotajwa kwenye tangazo kabla ya kutamani jina la shule.

Kuna pia mambo ambayo hayatabadilika. Aliyepata C katika somo la kufundisha hatasaidiwa na miaka kumi ya kungoja. Aliyepita miaka 45 naye amefungiwa mlango, na hapa foleni inakuwa ya kikatili, kwa sababu wale inaowapendelea ndio inaowakaribisha kwenye ukingo.

Majina nayo huangusha watu. Afisa huweka kitambulisho, cheti cha KCSE, cheti cha chuo na cheti cha usajili kimoja kando ya kingine na kulinganisha majina herufi kwa herufi. Mwanamke aliyeolewa na kubadili jina kwenye kitambulisho pekee hukwama hapo, na hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba ni mtu yule yule inafaa itafutwe kabla ya tangazo, si asubuhi ya mahojiano.

Wengine watakuambia njia ni fupi zaidi. Mwaka 2025 magazeti yaliripoti wanasiasa wakigawa fomu za TSC mikutanoni kama wanavyogawa unga. Ukizipokea, unakubali kwamba aliyehitimu 2014 na kungoja kimya ni mjinga. Na mwanasiasa hana alama za kuandika kwenye cheti chako; ukaguzi ukija, jina litakaloulizwa ni lako.

Ukikosa tena, dai orodha ya alama na utafute mstari uliokuangusha. Kama hesabu ya miaka yako imekosewa, andika malalamiko kwa ofisi ya TSC ya kaunti, Eldoret, ukitaja mstari huo na kuambatisha nakala ya cheti, ndani ya muda uliowekwa kwenye mwongozo. Barua inayosema tu "nimeonewa" huishia kwenye faili. Juma lijalo nitaeleza jinsi malalamiko hayo yanavyosikilizwa, na nani hasa huyasikiliza.