CCNA: ufanyie nyumbani au kituoni?

Mtihani wa CCNA wa Cisco ni uleule popote ufanyikapo: dakika 120, ada ya dola 300 za Marekani kabla ya kodi. Kinachobadilika ni chumba. Pearson VUE, kampuni inayousimamia, inamruhusu mtahiniwa aende kituoni au abaki nyumbani, msimamizi akimtazama kwa kamera kupitia huduma ya OnVUE.

Nyumbani pananoga mpaka lije swali la kugawa mtandao. Tuseme mtahiniwa anaulizwa anwani 192.168.10.77/26 iko mtandao upi. Vipande vinaruka kwa 64, yaani 0, 64, 128, 192. Basi jibu ni 192.168.10.64, na anwani ya matangazo inaishia .127. Kituoni anapewa kibao cha kufutika na kalamu, anachora jedwali lake na kusonga mbele. Nyumbani karatasi na kalamu ni marufuku. Kuna ubao ndani ya skrini, unaochorwa kwa kipanya, na kwa aliyezoea kukokotoa kwa mkono huo ni mzigo mzito. Akianza kusoma swali kwa sauti, ataonywa. Akitoka mbele ya kamera, mtihani unaweza kukatishwa.

Kabla ya kulipia, kompyuta ipimwe kwa jaribio la mfumo la OnVUE. Jaribio hilo lina maana likifanyika kwenye kompyuta ileile, chumba kilekile, mtandao uleule, na ikiwezekana saa ileile. Intaneti inayokwenda vizuri alfajiri huweza kukwama jioni, majirani wote wakiwa hewani. Kompyuta ya ofisini ndiyo mtego mkubwa: VPN na kinga za mwajiri huzuia programu, na mtumiaji hana ruhusa ya kuzizima. Skrini ya pili ichomolewe.

Siku yenyewe usajili hufunguliwa dakika 30 kabla. Mtahiniwa hupiga picha uso wake, kitambulisho, na chumba kwa pande nne. Meza iwe tupu, mlango ufungwe. Mwenye nyumba yenye watoto wengi, au mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, angefanya vyema kupanda daladala kwenda kituoni.

Kitambulisho hakina huruma kokote. Kiwe halisi, chenye picha, hakijaisha muda. Nakala na picha ya kwenye simu hazikubaliki. Kituoni huweza kuhitajika kitambulisho cha pili, kwa hiyo barua ya uthibitisho isomwe hadi mwisho. Na jina ndilo linalowaponza wengi. Mwanamke aliyejisajili kwa jina la ukoo la mumewe, huku pasipoti ikiwa bado na la baba yake, atarudishwa hata kama uso ni wake. Marekebisho hufanywa kwenye akaunti siku kadhaa kabla. Msimamizi hawezi kuyafanya mlangoni, wala kwenye kamera.