Maneno Kumi ya Kichina Katika Kinywa cha Kiswahili

Chukua maneno kumi uyapange katika mistari miwili, matano juu na matano chini:

mwezi – zama – mtumbwi – bado – ngoja
taa – fifia – mlango – bado – funga

Mistari hii nimeitunga mwenyewe kwa Kichina cha kale ili itufae kama kielelezo, na hapo juu nimeweka maana ya kila neno kwa Kiswahili. Kwa Kichina inatamkwa yue luo zhou you dai, kisha deng can men wei guan. Ni silabi kumi tu, kwa kuwa katika Kichina cha kale neno moja kwa kawaida ni silabi moja, nayo huandikwa kwa alama moja. Nimefuata kanuni za shairi liitwalo lüshi, lililokomaa wakati wa nasaba ya Tang, iliyotawala China kuanzia mwaka 618 hadi 907. Ndiyo bahari aliyoogelea Du Fu, aliyezaliwa mwaka 712 na kufariki mwaka 770.

Lüshi ina mistari minane, na kila mstari una maneno matano au saba. Mstari wa maneno matano hukatwa baada ya neno la pili, kama mshairi wetu anavyotua kati ya ukwapi na utao. Vina huja mwishoni mwa mistari ya shufwa. Kanuni inayomtoa mfasiri jasho inahusu jozi mbili za katikati, yaani mstari wa tatu na wa nne, kisha wa tano na wa sita. Mistari ya kila jozi lazima ilingane neno kwa neno: jina chini ya jina, kitendo chini ya kitendo, na kila neno liwe la jamii moja na mwenzake wa juu.

Ndiyo maana shairi hili husomwa kwa njia mbili. Kwanza unalisoma kwa kufuata mstari, kisha unalisoma kwa kushuka. Tushuke katika mfano wetu. Mwezi na taa ni mianga miwili, mmoja wa angani na mmoja wa chumbani. Zama na fifia ni namna mbili za mwanga kuondoka. Mtumbwi na mlango vyote ni vya kupitia, kwa anayekwenda na kwa anayerudi. Mstari mmoja peke yake hausemi kwamba usiku unaisha na kuna watu wawili wasiotaka kuachana. Jambo hilo linasemwa na jozi. Mfasiri akiivunja jozi, anabaki na habari ya hali ya hewa na ya mlango.

Tujaribu sasa. Anayetafsiri kwa haraka ataandika hivi:

Mwezi ulipokuwa ukizama, mtumbwi wangu ulikuwa bado unanisubiri,
na taa ilipokuwa ikififia, mlango ulikuwa bado haujafungwa.

Hesabu mizani, utapata hamsini na tano. Lakini urefu ndio kosa dogo. Kosa kubwa ni yale yaliyoingizwa. Katika maneno yale kumi hakuna mahali palipotajwa kwamba mtumbwi ni wangu, wala kwamba unanisubiri mimi. Hakuna palipotajwa kwamba ni jambo la jana. Kitenzi cha Kichina cha kale hakibebi nafsi wala wakati, bali kinasimama peke yake kama jiwe. Kitenzi chetu kimezoea kubeba vyote viwili, na mfasiri asipokuwa macho, -li- na -ni- vitaingia bila kubisha hodi.

Hatari hiyo huongezeka tafsiri inapopita katika lugha ya tatu. Shaaban Robert alituletea Omar Khayyam kwa Kiswahili kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, na kazi yake tunaienzi. Ila shairi la Kichina likipitia njia hiyo, linafika likiwa limevishwa nguo za watu wengine. Kiingereza hudai nafsi na wakati, na mara nyingi hudai pia kusema kama kitu ni kimoja au vingi. Hudai hata kuchagua kati ya mwezi wa angani na mwezi wa siku thelathini. Kichina hakichagui, kwa kuwa neno yue ni vyote viwili. Kiswahili nacho hakichagui. Mshairi wa Kichina anapocheza na mwezi uangazao na mwezi upitao, sisi tunaweza kucheza naye kwa neno letu la kila siku, mradi tumsikie mwenyewe.

Njia ya pili ni kulitia shairi katika umbo tunalolipenda, mizani kumi na sita na vina viwili:

Mwezi umekwisha zama, mtumbwi wangoja pwani,
Taa mafuta yakoma, mlango wazi nyumbani.

Haya yanaimbika. Mizani imetimia na vina vimekaa. Sasa tuyaweke mezani tuyapime. Pwani imetoka wapi? Imeletwa na kina cha -ni. Neno zhou ni chombo kidogo ambacho aghalabu huenda mtoni, na sasa tumekihamishia baharini. Mafuta yameletwa na kutimiza mizani. Nyumbani ni mwenzake pwani, na kwa kweli ni jozi nzuri, ila inajibu swali la "wapi" ambalo mistari ya asili iliacha kulijibu. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba neno "bado" limepotea mara zote mbili. Mlango ulio wazi ni mlango tu. Mlango ambao bado kufungwa una mtu nyuma yake, mkono uko kwenye komeo na moyo unasita. Vina vimekula kiini cha shairi.

Kwa hiyo mfasiri sharti achague. Toni za Kichina, ambazo katika lüshi hupangwa kwa upinzani, sauti ya usawa hapa na sauti ya kupinda pale, haziwezi kuvuka, kwa sababu Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni. Vina vinaweza kuvuka, lakini mara nyingi hutoza ushuru mkubwa. Jozi inaweza kuvuka kwa bei nafuu, na ndiyo inayobeba maana. Mimi huanza na jozi.

Ubanifu nao tutaupata wapi? Katika methali. "Penye nia pana njia" ni maneno manne, nusu moja ikiitazama nusu nyingine. Hakuna nafsi ndani yake, hakuna jana wala kesho, na hakuna anayelalamika kwamba haelewi. Wazee wetu walijua kusema bila mtenda. Ushairi nao umetuhifadhia wakati wa -a-, yaani wazama, yafifia, wangoja, ambao ni mfupi na hautufungi kwenye saa fulani. Kwa zana hizo nilifika hapa:

Mwezi watitia, mtumbwi bado wangoja;
taa yafifia, mlango bado kufungwa.

Kila mstari una maneno matano, kwa mpangilio uleule wa Kichina, na mkato unakuja baada ya neno la pili. Mizani ni kumi na nne juu na kumi na nne chini, sita kabla ya mkato na nane baada yake. Kwa muda mrefu nilikuwa na "wazama", lakini ilipungukiwa na mizani moja mbele ya "yafifia". Kutitia ni kuzama taratibu kama ardhi inavyozama, na sauti zake zinazojirudia, titi na fifi, zikaitikiana zenyewe. Mtumbwi niliuchagua badala ya mashua kwa sababu unaanza kama mlango, una mizani sawa nao na uko ngeli moja nao. Najua kwamba mtumbwi wetu huchongwa katika gogo, ilhali zhou mara nyingi huundwa kwa mbao. Gharama hiyo nimekubali kuilipa.

Zawadi kubwa ilitoka kwa neno "bado". Kichina kina maneno mawili hapo, you lenye maana ya jambo linaloendelea, na wei lenye maana ya jambo ambalo halijatukia. Kiswahili kinayabeba yote kwa neno moja: bado wangoja, bado kufungwa. Neno ni lilelile na mahali ni palepale, lakini maana imegeuka. Upungufu upo pia, nao niuseme. "Wangoja" na "kufungwa" si vitenzi vya umbo moja, kwa hiyo jozi ya tano inachechemea kidogo. Tena anayesikia "wangoja" bila kusikia "mtumbwi" anaweza kudhani ni watu wanaongoja. Hilo nimeliacha, kwa kuwa watu hao kweli wapo ndani ya shairi, ila hawakutajwa.

Kutotajwa huko kumewatesa wasomaji wa Du Fu kwa karne nyingi. Mwaka 757, mji mkuu wa Chang'an ukiwa mikononi mwa waasi wa An Lushan, aliandika shairi la maneno arobaini kuhusu majira ya machipuko. Katika mstari wa tatu kuna maua na kuna machozi, lakini mwenye machozi hakutajwa. Wengine husema ni mshairi anayeyaona maua na kulia, wengine husema ni maua yenyewe yanayotoa machozi. Mfasiri akiandika "nalia" amekwisha kufunga mlango mmoja. Inambidi atafute sentensi ambayo machozi yanakuwapo bila mwenyewe, na "penye" ya methali ile yaweza kumsaidia tena.

Picha nazo zina mtego wake. Watu wa Chang'an waliposindikizana hadi daraja la Ba, mashariki ya mji, walivunja tawi la mti uitwao liu na kumpa msafiri, kwa kuwa jina la mti huo linakaribiana kwa sauti na neno lenye maana ya "baki". Mfasiri wa Kiswahili hushawishika hapa, maana "kaa" yetu nayo ni amri ya kubaki na ni kipande cha moto pia. Angeweza kumpa msafiri kaa la moto na kuupata mchezo wa maneno. Lakini tawi bichi la majira ya machipuko lingegeuka jivu, na daraja lingebaki bila mti. Ni afadhali mti ubaki liu, na kile kitendo cha kuvunja na kukabidhi kiingie ndani ya mstari chenyewe. Hata asiyejua jina la mti ataelewa mkono unaompa anayeondoka kitu ambacho hakitaota mizizi safarini.

Nikimaliza jozi yoyote, naipima hivi: naandika mstari mmoja juu ya mwingine, naufunika wa chini kwa kiganja, kisha nausoma wa juu peke yake. Ukinitosheleza, nimekosea mahali. Mwezi unaotitia na mtumbwi unaongoja havinitoshelezi. Nainua kiganja niitafute taa.