Manyoya ya Mbwa Yasiyoisha Kufagiwa

Nyumba yenye Jemani Shepadi haina siku bila fagio. Manyoya laini ya kijivu hujikusanya nyuma ya mlango, hunata kwenye soksi, na mengine hutua kwenye chai. Mwenye mbwa akiingiwa na wasiwasi hufungua kitabu cha ufugaji, na humo anakuta kwamba mbwa hupukutisha manyoya mara mbili kwa mwaka, wakati wa machipuko na wakati wa vuli. Anapiga hesabu ya miezi. Wa kwake anapukutisha Januari hadi Desemba. Basi anaumwa?

Huenda haumwi hata kidogo. Tatizo ni kwamba kitabu kiliandikiwa Ulaya.

Jemani Shepadi, ambaye chama chake cha kwanza cha wafugaji kilianzishwa Ujerumani mwaka 1899, amevaa makoti mawili. La nje ni la nywele ndefu na ngumu zinazozuia mvua na jua. La ndani ni sufi laini ya kutunza joto, na ndiyo hasa inayojaa sakafuni. Kila unywele hukua, husimama, hupumzika kwa muda ndani ya kinyweleo chake, kisha hung'oka na kuuachia mwingine nafasi. Kinachoamua nywele nyingi zing'oke kwa pamoja ni urefu wa mchana kuliko joto au baridi. Macho hupokea mwanga, ubongo hupima, na homoni iitwayo melatonini hupeleka habari hadi kwenye ngozi.

Mjini Berlin mchana mrefu kuliko yote hukaribia saa 17, na mfupi hauzidi saa 8. Mwili wa mbwa unasikia tofauti hiyo kama kengele. Nairobi, iliyo karibu kabisa na Ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi haifiki robo saa. Dar es Salaam haifiki saa nzima. Kengele hailii. Kwa hiyo koti halibadilishwi kwa mkupuo, linabadilishwa kidogo kidogo mwaka mzima, na mbwa anayelala ndani chini ya taa za umeme huzidi kuchanganyikiwa. Jike naye ana kalenda yake: miezi miwili hivi baada ya kuzaa anaweza kupukutisha hadi akaonekana amekonda, kisha manyoya yakarudi yenyewe.

Ndiyo maana wingi wa manyoya sakafuni hausemi mengi. Cha kutazama ni ngozi.

Mtoe mbwa nje penye mwanga, ugawanye manyoya kwa vidole mpaka uone chini. Anza mbavuni, nenda kwenye shina la mkia, viwiko, kingo za masikio na ndani ya mapaja. Mbwa anayepukutisha kwa kawaida ana ngozi safi isiyo na magamba wala harufu. Manyoya yanatoka sehemu zote bila kuacha upara, na ukichungulia vizuri utaona nywele fupi mpya zikichomoza. Tena hajikuni kupita kiasi. Ukiona upara, wekundu, ukoko, au nywele zilizokatika katikati kwa kutafunwa, hiyo ni habari nyingine.

Mahali penye upara pana maneno yake. Shina la mkia na kiuno huelekeza kwa viroboto. Mtoto wa miezi michache mwenye vipara kuzunguka macho na miguu ya mbele, asiyejikuna sana, mara nyingi ana utitiri wa demodeksi aliopata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya. Vipara vikiwa vichache, vingi hupona vyenyewe. Mbwa wa makamo anayepungukiwa na manyoya pande zote mbili za mwili kwa ulinganifu, bila kujikuna, huku akinenepa na kuzubaa, anahitaji kupimwa damu, maana tezi ya shingoni inaweza kuwa imelegea.

Sasa chukua mfano wa mbwa wa ulinzi wa miaka minne, huko Njiro, Arusha. Mwenyewe amezoea manyoya yake, hivyo hakushtuka yalipozidi. Akamwogesha kila wiki kwa sabuni ya unga ya kufulia, ngozi ikakauka, mbwa akazidi kujikuna. Wiki ya tatu viwiko vikawa vipara na kingo za masikio zikafanya ukoko. Mlinzi anayeshinda naye akaanza kuwashwa mikononi na kiunoni. Jirani akashauri oili chafu ya gari.

Bahati nzuri daktari wa mifugo alitangulia. Akasugua ukingo wa sikio kati ya vidole viwili, na mguu wa nyuma wa mbwa ukaanza kukuna hewa. Ishara hiyo, pamoja na kuwashwa kwa mlinzi, huelekeza moja kwa moja kwenye upele. Akakwangua ngozi kwa wembe butu na kutazama kwa hadubini. Hakuona mdudu. Hilo halikumzuia kutibu, kwani utitiri wa upele ni wachache, wamejichimbia, na mara nyingi hukwepa kipimo. Akatoa kidonge cha kutafuna kulingana na uzito wa mbwa, kurudiwa kila mwezi, na mbwa mwenzake wa hapo nyumbani akapewa pia ingawa hakuwa na kipara. Matandiko yalifuliwa kwa maji ya moto. Mlinzi alielekezwa zahanati. Kujikuna kulipungua baada ya wiki chache, lakini manyoya yalichukua karibu miezi mitatu kujaza viwiko.

Ile oili chafu ingeunguza ngozi, na mbwa angeilamba yote mpaka tumboni. Sindano ya dawa ya minyoo ya ng'ombe nayo si ya kukisia nyumbani: kuna mbwa wa jamii ya wachungaji wenye kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo.

Chakula nacho kina sehemu yake. Unywele karibu wote ni protini, na mbwa anayekula ugali mtupu hana cha kuufumia. Ugali wa dona unaongeza jambo lisilojulikana sana: pumba zake hushika madini ya zinki yasifyonzwe vizuri, na watoto wa mbwa waliokuzwa kwa nafaka pekee huweza kupata ukoko kuzunguka macho na mdomo. Dagaa, mayai au maini kidogo juu ya ugali huleta tofauti ambayo shampuu haiwezi kuleta.

Kwa mbwa mzima wa afya, kazi ni brashi. Reki ya manyoya, ile yenye meno marefu ya mviringo, mara mbili au tatu kwa wiki, nje, kufuata manyoya yanakoelekea, ukikawia shingoni na nyuma ya mapaja ambako sufi hufungamana. Kuoga kwa shampuu ya mbwa mara moja kwa mwezi kunatosha, na akaushwe hadi chini, maana sufi mbichi huivisha ngozi vidonda. Kumnyoa kwa sababu ya joto la Mombasa ni kosa: koti la nje ndilo mwavuli wake, na likinyolewa huweza kurudi kwa mabaka.

Manyoya yaliyochanwa yaende kwenye pipa la taka. Wengine huyaacha uani ndege wajengee viota, lakini nchini Uingereza watafiti wamekuta dawa za viroboto ndani ya viota vya namna hiyo, na makinda yaliyokufa yalikuwa mengi zaidi pale dawa ilipokuwa nyingi.