Elfu Ishirini ya Nauli

Ujumbe ulikuwa mfupi: "Niko tayari, bado nauli tu. Na ya kutolea usisahau." Kijana aliyenionyesha ni fundi simu wa Kariakoo, na dada aliyeuandika anakaa Mbagala. Walikuwa wamechati wiki tatu, na Jumamosi ile ndiyo ulikuwa mtoko wao wa kwanza: mihogo na mishkaki pale Koko Bichi. Akatuma elfu ishirini, akaweka na ya kutolea.

Kwa daladala, hata akiunganisha magari mawili kwenda na mawili kurudi, safari ile haifiki elfu tano. Kwa hiyo ile haikuwa nauli, na wote wawili walilijua hilo bila kuambiana. Ndani yake mlikuwa na hela ya saluni, bando la kuwasiliana njiani, na bodaboda ya kurudi nyumbani usiku. Mlikuwa pia na swali ambalo msichana haulizi kwa mdomo: huyu ana nia, au anapoteza muda wangu?

Zamani swali hilo lilijibiwa kwa njia inayojulikana. Kijana alimtuma mshenga na barua ya posa, ikaandamana na kishika uchumba. Hela ile ilipokelewa mbele ya wazee, kila mtu akijua ni ya nini, na mambo yakiharibika palikuwa na watu wa kuulizwa. Siku hizi matumizi yanaanza miezi mingi kabla ya mshenga kutajwa, simu kwa simu, bila shahidi. Anayetuma ana maana yake, anayepokea ana ya kwake. Ugomvi mwingi niliousikia haukutokana na ukubwa wa hela, ulitokana na maana hizo mbili kutokutana.

Wanaume watakwambia habari ya kuliwa nauli: hela imefika, umesubiri saa mbili, simu haipatikani, kesho yake umeblokiwa. Yapo, na yanauma. Dalili yake ni kwamba kila ombi lina dharura mpya, leo simu imeanguka, kesho gesi imeisha, lakini siku ya kuonana haifiki. Ndiyo maana baadhi yao sasa husema, "Chukua bodaboda, nitamlipa hapa hapa."

Mwambie msichana hivyo uone anavyosita. Akifika na mwenyeji hayupo, deni la bodaboda ni lake. Kubwa zaidi ni kurudi. Aliyetoka nyumbani bila hela ya kumrudisha atangoja hadi mwenzake aamue kuondoka, na saa nne za usiku hilo si jambo dogo. Shangazi anayemwambia binti asitoke bila nauli ya kurudi mkononi hamfundishi tamaa, anamfundisha usalama. Mimi naona nauli ya kurudi inastahili kutumwa bila kinyongo, ila iitwe hivyo, na hela ya saluni nayo iitwe hela ya saluni.

Pale Koko, bili iliwekwa mbele ya kijana, mhudumu hakuuliza. Akalipa. Hapo pana hatari nyingine, ya mwanamume kujumlisha nauli na mishkaki kisha kujiona anadai kitu usiku huohuo. Hadai. Chakula kilicholiwa na watu wawili mezani hakimweki mmoja wao rehani.

Na sheria? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 71, inamruhusu mtu kwenda mahakamani kudai zawadi aliyoitoa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa. Lakini mahakama lazima iridhike kwamba mtoaji aliitoa kwa sharti la ndoa kufungwa. Bila hivyo hapati kitu. Pete ya uchumba inaweza kubishaniwa hapo. Nauli, vocha na chipsi kuku za mwezi wa kwanza, kabla hata neno ndoa halijatajwa, ni vigumu kuona zitaingiaje. Umetoa, umetoa.

Nilimuuliza fundi simu kama alijutia elfu ishirini yake. Akasema alianza kutulia walipotoka mara ya pili. Alikuwa anaingiza mkono mfukoni alipe juisi za miwa, dada akamtangulia, akampa muuzaji noti ya elfu tano. "Siku ile nilirudi na daladala," akamwambia, "hela yako ilibaki." Kisha akamweleza kwamba alikuwa ameomba ya bodaboda kwa kuwa hakumjua, na kama angemwona hana adabu angeondoka mapema bila kuaga.

Kijana akacheka, kisha akanyamaza. Haikuwahi kumjia akilini kwamba elfu ishirini yake ilikuwa pia mlango wa kutokea.