Karatasi Mbili kwa Shamba Moja

Wanachama wetu wazee walisikia kwa baba zao habari za bei khiyari. Vijana huenda hawazijui, na kwa kuwa hati za kukodisha mashamba zingali zikitiwa saini na watu wasiozisoma barabara, twaieleza hapa.

Mwenye mikarafuu aliyehitaji fedha kabla ya mavuno alikwenda kwa mkopeshaji. Tuseme alitaka rupia 400. Riba ni haramu, basi hapakuandikwa deni. Ziliandikwa hati mbili. Kwa hati ya kwanza alimuuzia mkopeshaji shamba kwa rupia 400, naye akabaki na haki ya kulinunua tena kwa bei ile ile katika muda uliowekwa. Kwa hati ya pili alilikodi shamba lake mwenyewe kwa yule mnunuzi, tuseme kwa rupia 60 kwa mwaka. Ijara hiyo ndiyo iliyokuwa riba. Yeye aliendelea kupalilia na kuchuma kama jana, na machoni pake shamba lilikuwa rehani tu.

Hati za namna hii zilikuwa zikiandikwa kwa Kiarabu. Wengi waliweza kuzitamka herufi, maana walisoma chuoni, lakini kutamka siko kufahamu. Tena maneno yenyewe yalifanana na yetu, na hilo ndilo baya zaidi. Kwa Mswahili “bei” ni thamani ya kitu. Kwa Kiarabu ni kuuza. “Hiari” kwetu ni ridhaa. “Khiyari” ya hati ni haki ya kurudisha mauzo, yenye siku ya mwisho. Mtu aliyesikia “bei kwa ridhaa” hakuwa na sababu ya kuogopa. Siku ile ilipopita, ugomvi ulizuka: mmoja adai amekopa, mwenziwe aonyesha hati ya kununua, na kila mmoja anasema kweli kwa lugha yake.

Madeni ya wakulima yalichunguzwa na Mabwana Bartlett na Last mwaka 1933, na mwaka 1934 Serikali ya Unguja ikaweka amri kwamba mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe kwa watu wengine bila ruhusa. Amri hiyo ilitazama nani anunua. Haikumfundisha mtu kusoma hati.

Leo lugha ngumu ni Kiingereza, na mtego ni ule ule. Chukua neno “kodi”. Mkulima wa Muyama, kule Kigoma, ambaye nyumbani asema Kiha, akifasiriwa kwamba “kodi italipwa na mwenye shamba”, atajuaje kama ni ushuru wa Serikali au ni malipo ya kukodi? Kiingereza kina maneno mawili hapo, Kiswahili kimoja.

Kwa hiyo usimuulize mfasiri, “Imesemaje?” Atakujibu kwa neno moja. Muulize, “Nikichelewa siku moja, mikarafuu ni ya nani?” Kisha akuonyeshe kwa kidole mstari uliosema hivyo, na jibu liandikwe kwa Kiswahili chini yake kabla hujatia dole gumba.